Muhtasari wa kikao cha klabu: anza na uwanja, kisha mechi, mdhamini aje mwisho

Katibu wa klabu ya mpira wa miguu ya mtaani ana kazi tatu zinazomrudia kila msimu: kuandika nani anafanya mazoezi wapi, timu inacheza na nani lini, na nani analipia jezi. Makatibu wengi huziandika kama mambo matatu yasiyohusiana. Mwishoni mwa msimu mdhamini anauliza zilipo mechi nane za nyumbani alizoahidiwa, mwalimu mkuu anauliza nani aliruhusu geti lifunguliwe siku ya likizo, na muhtasari haumjibu yeyote kati yao.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupanga na kuandika kikao kimoja cha aina hiyo. Mfano ni klabu ya Dar es Salaam yenye timu tatu: wakubwa, vijana na wanawake. Inatumia viwanja viwili. Kimoja ni cha shule ya msingi, kingine ni cha mtaa. Kikao kinafanyika Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, na ligi inatarajiwa kuanza tarehe 12 Julai. Bei zote humu ni za mfano, weka za kwako.

Kabla ya kikao: mpangilio wa ajenda

Mazoea ni kuanza na udhamini kwa sababu pesa ndiyo kila mjumbe anaisubiri. Huko ndiko makosa yanakoanzia. Mdhamini hununua kuonekana, na timu huonekana kwenye mechi za nyumbani. Mechi za nyumbani zinahitaji uwanja ulio wazi siku hiyo. Ukikubali masharti ya mdhamini kabla ya kujua una uwanja gani na tarehe zipi, unauza kitu usichokuwa nacho. Ajenda basi iende hivi:

1. Kufungua kikao na kuthibitisha akidi
2. Kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, pamoja na yatokanayo
3. Ugawaji wa viwanja vya mazoezi
4. Mechi za kirafiki kabla ya ligi
5. Maombi ya udhamini
6. Mengineyo
7. Kufunga kikao

Peleka ajenda kwa wajumbe siku saba kabla, au kwa muda uliowekwa na katiba ya klabu. Ofa za wadhamini ziambatane nayo, zisiletwe mezani siku yenyewe. Na udhamini usiamuliwe kamwe chini ya "Mengineyo". Mjumbe aliyekosa kikao ana haki ya kusema hakuarifiwa kwamba klabu itafunga mkataba, na uamuzi wote unaweza kurudishwa nyuma kwa hoja hiyo moja.

Kichwa na mahudhurio

Kichwa kitaje jina kamili la klabu kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, aina ya kikao, tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Jina kamili lina maana kwa sababu muhtasari huu unaweza kupelekwa benki siku klabu inapofungua akaunti au kubadilisha watia saini. Jina la mazoea lililozoeleka uwanjani litafanya benki iurudishe.

Mahudhurio yagawe sehemu tatu: waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiohudhuria bila taarifa. Walioalikwa, kama kocha au meneja wa timu asiye mjumbe, waandikwe peke yao kwa sababu hawapigi kura na hawahesabiwi kwenye akidi. Kila aliyehudhuria asaini kwenye karatasi ya mahudhurio mwenyewe. Baada ya hapo, ndani ya muhtasari tumia vyeo: Mwenyekiti, Mhazini, Meneja wa timu ya wanawake. Miaka miwili baadaye msomaji atajua ni ofisi gani iliyopewa kazi, hata kama aliyeishika ameshaondoka.

Kamati ya mfano wetu ina wajumbe tisa, na katiba inataka nusu yao na zaidi wawepo, yaani watano. Wamefika sita. Andika hesabu hiyo wazi: "Wajumbe 6 kati ya 9 walikuwepo. Akidi (5) ilitimia." Namba hizi zitarudi kwenye ajenda ya udhamini.

Ajenda ya viwanja

Anza kwa kuhesabu nafasi, si maombi. Nafasi moja ni uwanja mmoja, jioni moja, kuanzia saa 10:00 hadi saa 11:45. Kwa nini isiwe zaidi? Kwa sababu mwezi Juni, Dar es Salaam, jua huzama mnamo saa 12 na robo, na nusu saa inayobaki ni ya kukusanya mipira na koni, kubadilisha nguo na kurudi nyumbani kabla ya giza. Kwa timu ya wanawake na watoto hili ni la lazima, liandikwe kama sharti, lisiachwe kuwa ushauri wa mdomo.

Uwanja wa shule unapatikana siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wa mtaa unapatikana siku nne, kwa sababu Ijumaa mtaa unautumia kwa shughuli zake. Jumla ni nafasi 9. Wakubwa wanataka nafasi 4, vijana 3, wanawake 3. Jumla ni 10. Pungufu ni moja, na kikao kisipoiandika pungufu hiyo, timu mbili zitakutana uwanjani Jumatano na kila kocha atasema kikao kilimpa yeye.

Suluhisho hapa ni timu mbili kugawana uwanja wa shule siku ya Jumatano, kila moja ikipata nusu. Uwanja wenye urefu wa mita 90 na upana wa mita 50 unakupa nusu ya mita 45 kwa 50. Hapo panatosha mazoezi ya pasi, ya kumiliki mpira na mechi ndogo ya saba kwa saba. Hapatoshi mazoezi ya kona na krosi kwa timu zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo makocha waambiwe Jumatano si siku ya mipira ya kutenga.

Azimio liandikwe hivi:

> Azimio 3.1. Kuanzia Jumatatu tarehe 19 Mei hadi Ijumaa tarehe 11 Julai 2025, mazoezi yatafanyika saa 10:00 jioni hadi saa 11:45 jioni kama ifuatavyo.
> Uwanja wa mtaa: wakubwa, Jumatatu hadi Alhamisi.
> Uwanja wa shule: wanawake Jumatatu na Alhamisi; vijana Jumanne na Ijumaa; Jumatano vijana nusu ya upande wa madarasa, wanawake nusu ya upande wa barabara.
> Msimamizi: Mtunza vifaa. Mgogoro wowote uwanjani utaamuliwa na Katibu siku hiyo hiyo kwa kufuata azimio hili.

Tazama maneno "upande wa madarasa" na "upande wa barabara". Ukiandika "kila timu nusu", timu iliyowahi kufika huchukua nusu yenye kivuli, na Jumatano ya pili utasikia ugomvi. Tarehe ya mwisho nayo ina kazi. Mgao usio na mwisho hugeuka kuwa haki ya kudumu, na msimu ujao meneja atasema uwanja wa mtaa "ni wa wakubwa".

Kisha kuna mambo mawili ya uwanja wa shule ambayo makatibu huyasahau. La kwanza ni likizo ya Juni. Ruhusa ya mdomo mliyopewa shule ikiwa wazi haimaanishi kwamba mlinzi atafungua geti shule ikifungwa. Barua kwa mwalimu mkuu itaje likizo kwa jina na tarehe, na iombe pia choo na darasa moja la kubadilishia nguo. La pili ni mvua. Mei bado kuna mvua za mwisho za masika. Uwanja ukichezewa ukiwa umelowa, nyasi za mbele ya goli hung'oka na kubaki shimo la tope ambalo jua la Juni hulikausha kuwa mabonde magumu, na vifundo vya miguu hugeukia hapo. Kipimo rahisi: kanyaga kwa kisigino mbele ya goli, uzito wote. Maji yakichuruzika kuzunguka kiatu, hakuna mazoezi hapo. Kikao kiseme nani anapima na saa ngapi:

> Azimio 3.2. Siku ya mvua, Mtunza vifaa atapima uwanja saa 8:00 mchana na kuwajulisha makocha kabla ya saa 9:00 alasiri. Uwanja ukiwa umelowa, timu itafanya mazoezi ya kukimbia nje ya uwanja au kuahirisha.
> Azimio 3.3. Katibu atapeleka barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa kamati ya shule, kabla ya tarehe 21 Mei 2025, kuomba matumizi ya uwanja, choo na darasa moja, pamoja na kipindi cha likizo ya Juni.

Ajenda ya mechi

Ratiba ya ligi hupangwa na chama cha soka cha eneo, si na klabu. Kamati ya klabu huchagua mechi za kirafiki, na kazi yake ya kwanza ni kufuta tarehe, si kuzijaza. Kati ya kikao na ligi, ukiacha wiki ya kwanza ya maandalizi, kuna Jumamosi sita: 31 Mei, 7, 14, 21 na 28 Juni, na 5 Julai. Tarehe 7 Juni ifutwe. Sikukuu ya Idd el-Hajj inaangukia tarehe 6 au 7 kutegemea mwandamo wa mwezi, na hakuna timu itakayokamilika. Tarehe 5 Julai iachwe, kwa kuwa ni wiki moja tu kabla ya ligi, na mchezaji atakayeumia siku hiyo hatapona kwa wakati. Zinabaki nne.

Kwa kila mechi muhtasari uonyeshe mambo haya, na pasipo na jibu iandikwe "haijathibitishwa", pasiachwe wazi: tarehe na siku, saa ya kuanza, mpinzani, uwanja, rangi ya jezi za kila upande, nani anawalipa waamuzi, nani analeta mipira, na siku ya mwisho ya kuahirisha bila gharama.

Saa ya kuanza ihesabiwe. Vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 15 ni dakika 105. Ongeza dakika kumi za muda wa nyongeza na kuchelewa kurudi kutoka mapumziko, unapata 115. Mechi ikianza saa 10:00 jioni itaisha saa 11:55. Ikianza saa 10:30, itaisha saa 12:25, jua likiwa limeshazama. Dakika kumi za mwisho mwamuzi haoni mstari wa goli vizuri, na bao la mwisho ndilo linaloleta vurugu. Kwa hiyo mwezi Juni saa 10:00 iwe ndiyo mwisho wa kuanza, na wageni waambiwe wafike saa 9:00.

Hapa pana mtego wa lugha yetu wenyewe. Ujumbe wa simu unaosema "mechi saa 4:00" utasomwa na mmoja kama saa nne asubuhi na mwingine kama saa kumi jioni, kwa sababu simu yake inaonyesha 4:00. Andika neno la wakati kila mara, "saa 10:00 jioni", kwenye muhtasari na kwenye ujumbe kwa mpinzani.

> Azimio 4.1. Klabu itacheza mechi nne za kirafiki za timu ya wakubwa: tarehe 31 Mei (ugenini), 14 Juni (nyumbani), 21 Juni (ugenini) na 28 Juni (nyumbani). Mechi za nyumbani zitachezwa uwanja wa mtaa, saa 10:00 jioni.
> Azimio 4.2. Mechi ya 31 Mei imethibitishwa kwa ujumbe wa maandishi kutoka klabu mwenyeji. Nyingine tatu hazijathibitishwa. Meneja wa wakubwa atathibitisha kila moja kwa maandishi siku kumi kabla. Isipothibitishwa, Katibu atatafuta mpinzani mwingine.
> Azimio 4.3. Katibu ataandikia serikali ya mtaa kabla ya tarehe 24 Mei 2025 kuomba uwanja kwa tarehe 14 na 28 Juni, saa 9:00 alasiri hadi saa 12:15 jioni.

Azimio la mwisho ndilo husahaulika. Mgao wa uwanja wa mtaa mlioupitisha kwenye ajenda iliyotangulia ni wa mazoezi, Jumatatu hadi Alhamisi. Hautoi Jumamosi. Klabu inaweza kufika na wageni wake na kukuta sherehe ya harusi imeshaweka maturubai.

Ajenda ya udhamini

Sasa kamati inajua ina mechi mbili tu za nyumbani ilizoamua yenyewe kabla ya ligi. Hicho ndicho kipimo cha kila ofa. Tuseme zimekuja tatu.

Duka la vifaa vya ujenzi linatoa Sh 1,500,000 taslimu kwa awamu tatu, nembo iwe kifuani kwa timu zote, na bango kwenye mechi nane za nyumbani. Kampuni ya kubashiri matokeo inatoa Sh 3,000,000, nembo kwa timu zote tatu, na isiwepo nembo nyingine. Kiwanda cha maji kinatoa katoni 4 kwa wiki kwa wiki 20 na seti moja ya jezi 18.

Usizilinganishe kwa namba za juu. Ofa ya vitu igeuzwe pesa kwa bei ambayo klabu ingelipa dukani. Katoni 80 kwa Sh 4,000 ni Sh 320,000. Jezi 18 kwa Sh 25,000 ni Sh 450,000. Jumla ni Sh 770,000. Ofa ya pesa itolewe gharama zake. Kuchapa nembo kwenye jezi 60 kwa Sh 3,000 kila moja ni Sh 180,000, kwa hiyo ofa ya duka inaiachia klabu Sh 1,320,000, isipokuwa duka likikubali kulipia uchapaji. Jedwali la hesabu hizi liwemo ndani ya muhtasari, maana ndilo linaloonyesha kwa nini kamati ilichagua hivyo.

Ofa ya kubashiri ina pesa nyingi zaidi, lakini timu ya vijana ina wachezaji chini ya miaka 18, umri ambao sheria hairuhusu kushiriki kamari. Kuwavisha watoto nembo hiyo kifuani ni jambo ambalo kamati inapaswa kulikataa, na ikatae kwa maandishi yenye sababu. Ukiandika tu "ofa ilikataliwa", mwakani kamati mpya itauliza kwa nini klabu iliacha milioni tatu.

Kisha mgongano wa maslahi. Katika mfano huu Mhazini ni ndugu wa mwenye duka. Atangaze mwenyewe kabla mjadala haujaanza na atoke nje, na katibu aandike dakika:

> Saa 5:20 asubuhi Mhazini alitangaza kwamba mmoja wa waombaji ni ndugu yake, akatoka nje. Wajumbe waliobaki ni 5. Akidi ilithibitishwa tena. Mhazini alirudi saa 5:50 baada ya uamuzi kupita.

Sasa namba za mwanzo zinarudi. Walikuwa sita, wamebaki watano, akidi imesimama kwenye ncha. Kama mjumbe mwingine naye angekuwa na ndugu kwenye ofa, wangebaki wanne, na uamuzi wowote ungekuwa batili. Ndiyo maana ofa hutangulizwa siku saba kabla: katibu anaona mapema nani atalazimika kutoka, na anahimiza wengine wafike. Na kama katiba ya klabu inasema aliyetoka bado anahesabiwa, nukuu kifungu chake hapo hapo.

Duka linataka mechi nane. Kamati ina mbili, na viwanja vya ligi vinapangwa na chama. Basi ofa ikubaliwe kwa sharti:

> Azimio 5.1. Kamati inakubali ofa ya duka la vifaa vya ujenzi kwa Sh 1,500,000, kwa kura 4, kura 1 ikipinga, endapo duka litakubali kwa maandishi mambo haya: (a) bango litawekwa kwenye mechi za 14 na 28 Juni, na kwenye mechi za ligi pale tu klabu itakapokuwa mwenyeji na chama kuruhusu; (b) awamu ya kwanza, Sh 500,000, iingie akaunti ya klabu kabla jezi hazijachapwa; (c) klabu iwe huru kupokea mdhamini wa maji.
> Azimio 5.2. Ofa ya maji imekubaliwa kwa kura zote 5. Nembo yake itakaa mgongoni kwa jezi za timu ya wakubwa pekee, endapo duka litakubali sharti (c).
> Azimio 5.3. Ofa ya kampuni ya kubashiri imekataliwa kwa kura zote 5 kwa sababu timu ya vijana ina wachezaji chini ya miaka 18 na ofa inataka timu zote.
> Azimio 5.4. Mwenyekiti na Katibu watajadiliana na duka na kuleta jibu kabla ya tarehe 31 Mei 2025. Hakuna mkataba utakaosainiwa kabla ya jibu hilo.

Sharti (b) lisilegezwe. Jezi zikishachapwa, nembo imeshaonekana na klabu haina cha kushikilia awamu zikichelewa. Sharti (c) nalo linafunga azimio la maji kwa makusudi: wadhamini wawili wakigongana kuhusu nembo, klabu ndiyo inayodaiwa.

Baada ya kikao

Andika muhtasari siku hiyo hiyo au kesho yake, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Futa sentensi za aina ya "wajumbe walijadili kwa kina na kuafikiana", kwani hazimwambii mtu afanye nini. Kila azimio likaguliwe kwa maswali manne: nini, nani, lini, kwa sharti gani. Lililokosa moja, mpigie Mwenyekiti kabla ya kusambaza, usijaze kwa kukisia.

Muhtasari wote uende kwa wajumbe tu. Mwalimu mkuu apelekewe dondoo la maazimio 3.1 na 3.3, serikali ya mtaa dondoo la 3.1 na 4.3, na makocha dondoo la ajenda ya viwanja na ya mechi. Kiasi cha pesa za mdhamini mmoja kisisomwe na mdhamini mwingine, wala kisitumwe kwenye kundi la simu la wachezaji. Kila dondoo liwe na sahihi ya Katibu na muhuri wa klabu.

Kosa likigundulika kabla ya kuthibitishwa, lirekebishwe kwenye kikao kijacho: upigwe mstari mmoja juu ya neno ili lililokosewa bado lisomeke, neno sahihi liandikwe juu yake, Mwenyekiti na Katibu waweke herufi za kwanza za majina yao pembeni. Baada ya kuthibitishwa na kusainiwa, ukurasa usiguswe tena. Mabadiliko yoyote yawe azimio jipya lenye namba yake, kwa mfano: "Azimio 3.1 la tarehe 17 Mei 2025 limebadilishwa: wanawake watatumia uwanja wa mtaa Alhamisi, wakubwa watahamia uwanja wa shule." Wajumbe wakisoma yatokanayo, waende azimio kwa azimio kwa namba, na mbele ya kila namba Katibu aandike neno moja kati ya matatu: limetekelezwa, linaendelea, limekwama. Likikwama, aandike limekwama wapi na kwa nani.